Mwenyekiti, usimpigie simu afisa mikopo

Kwenye jalada la mkopo namba fulani la chama chetu cha akiba na mikopo, pembeni kabisa ya fomu, kuna maneno matatu yameandikwa kwa penseli: "M/kiti amepiga simu." Niliyakuta nikiwa mwaka wa pili kwenye uenyekiti. Mkopo ulikuwa wa milioni nne, na siku hiyo deni lilikuwa limelala siku 140 bila mtu kuweka hata shilingi. Mwenyekiti aliyepiga simu ni mimi.

Nilikuwa nimeshasahau kabisa. Mkopaji ni jirani, tunasali naye. Alinikuta nje ya kanisa akaniambia fomu yake ina wiki tatu ofisini, mashine ya boti imekufa, watoto wanakula kwa taabu. Nikampigia afisa mikopo palepale: "Mwanangu, yule mzee msaidie basi, namfahamu." Sikusema apewe. Hiyo ndiyo kauli niliyojitetea nayo mbele ya meneja: sikusema apewe. Meneja wetu ni kijana mpole, akanijibu, "Mwalimu, wewe ndiye unayemwandikia huyu binti barua ya kumwongezea mkataba. Ukisema 'msaidie', yeye anasikia nini?"

Nieleze kidogo mimi ni nani. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, nikastaafu, kiinua mgongo nikakiingiza kwenye biashara ya dagaa hapa Ilemela, Mwanza, karibu na mwalo wa Kirumba. Chama chetu ni cha wanachama mia sita na kitu: wachuuzi wa dagaa na samaki, wenye boti, mafundi, mama lishe, walimu wachache kama mimi. Tuna meneja, mhasibu, maafisa mikopo wawili na keshia. Bodi humwajiri meneja, na meneja huwasimamia waliobaki. Karatasi inasema hivyo. Mwalimu mkuu yeyote anajua, lakini, kwamba usipokagua andalio la somo la kila mwalimu hujalala. Mimi niliingia ofisini na tabia hiyo. Asubuhi nilikuwa nafika kabla ya keshia. Niliwahi kuhoji kwa nini sabuni ya choo ni ya aina ile.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika si ya mtu aliyeanza vizuri. Nayaandika kwa sababu kila nikikutana na wenyeviti wenzangu kwenye mafunzo ya ushirika, malalamiko ni yaleyale ya pande mbili: huyu anasema meneja wake anaficha mambo, yule anasema wajumbe wake hawamwachi meneja apumue. Mara nyingi ni chama kilekile.

Nianze na saini, maana ndiko mkono wa mwenyekiti unakoingilia. Kwetu malipo makubwa hayatoki benki bila saini ya mwenyekiti. Basi mwaka wa kwanza, kila hundi ikiletwa, mimi nilikuwa nafungua jalada na kuanza kuamua upya. Huyu ana mikopo mingine mtaani. Huyu mdhamini wake simwamini. Kamati ya mikopo ilishakaa, afisa alishamtembelea mkopaji, meneja alishapendekeza, halafu mimi na miwani yangu nakuwa kamati ya pili. Fomu ya yule jirani ilikaa wiki tatu kwa sababu hiyohiyo: mbili kati ya hizo ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuja kuligundua hilo kwa tarehe za mihuri, na sikumwambia jirani.

Siku hizi nikiletewa malipo ya mkopo naangalia vitu vitatu tu. Muhtasari wa kamati ya mikopo upo na umesainiwa? Kiasi kilichoandikwa kwenye hundi ni kilekile kilichopo kwenye muhtasari? Kiasi hicho kiko ndani ya ukomo uliowekwa na sera yetu ya mikopo? Vikiwa sawa nasaini, hata kama mkopaji simpendi. Kimoja kikikosekana sisaini, hata kama mkopaji ni mdogo wangu wa tumbo moja. Na kama naona sera yenyewe ni mbaya, kwamba ukomo ni mkubwa mno au udhamini ni legelege, hilo ni ajenda ya bodi. Halirekebishwi kwa kumkwamisha mtu mmoja asiyejua hata kilichomkwamisha.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifundisha kuliko semina zote, kisa cha dagaa na mbalamwezi.

Taarifa ya mwezi ilikuja na mstari huu: wadaiwa 236, mikopo iliyo mikononi mwa wanachama milioni 412, waliochelewa kurejesha 61. Robo nzima ya wakopaji! Mjumbe mmoja akasema hapa kuna mchezo. Mwingine akataka tukodi watu wa mnada waende mwaloni wakakamate mashine za boti. Nami damu ilinichemka, kwa sababu mwaka uliotangulia, miezi ileile, waliochelewa hawakufika hata ishirini, na maafisa mikopo ni walewale. Nikafika mpaka kuandika kwenye daftari langu: "Jumatatu niwaite maafisa wote wawili, kila mmoja na orodha yake." Mwalimu mkuu amerudi.

Kilichonizuia ni yale maneno ya penseli. Nikajiuliza: nikiwaita mimi, meneja atabaki na kazi gani? Na zaidi ya hapo, maafisa watafanya nini wakiogopeshwa na mwenyekiti? Nawajua walimu walioogopeshwa na mkaguzi: wanapika matokeo. Afisa mikopo naye ana namna yake ya kupika. Anamfungia mdaiwa mkopo wa zamani kwa kumpa mpya, na mwezi ujao taarifa inang'aa. Deni halijalipwa, limebadilishiwa nguo tu.

Nikamwandikia meneja maswali matatu, nikampa siku kumi, nikawaomba wajumbe tusimguse mfanyakazi yeyote mpaka majibu yaje. Swali la kwanza: hawa 61 wamechelewa siku ngapi, kila mmoja? La pili: wanafanana kwa lipi? La tatu: unapendekeza nini, na katika hilo, nini unakifanya mwenyewe na nini unahitaji bodi iamue?

Swali la kwanza linaonekana la kitoto lakini ndilo lililofungua mlango. Taarifa yetu ilikuwa inawarundika wote pamoja: aliyechelewa siku tatu na aliyechelewa siku mia mbili wote ni "waliochelewa". Meneja alipoupanga umri wa madeni, picha ikawa nyingine. Waliochelewa chini ya siku 30 walikuwa 44. Kati ya siku 31 na 90 walikuwa 8, na salio lao lilikuwa milioni 11. Waliopitisha siku 90 walikuwa 9, na salio lao milioni 23.

Hapa kuna jambo ambalo mwenyekiti lazima alielewe, hata kama hakusoma hesabu za fedha. Mtu aliyekopa milioni tatu kwa miezi kumi, akashindwa rejesho moja la laki tatu na siku 30 zikapita, ukipima hatari usihesabu zile laki tatu tu. Unahesabu salio lake lote, kwa sababu aliyekwama kwenye laki tatu za kwanza anaweza kukwama kwenye zote. Kwa hesabu hiyo tulikuwa na milioni 34 hatarini kati ya 412, yaani kama asilimia 8. Vyama vingi vya akiba na mikopo, hapa na nje, hujipimia kwa asilimia 5 kama mwisho wa usalama. Kwa hiyo tatizo lilikuwepo, tena kubwa. Ila halikuwa la watu 61. Lilikuwa la watu 17, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikuwa kwa watu 9.

Na wale 44? Swali la pili likajibu. Thelathini na wanane kati yao ni watu wa dagaa.

Kwa msomaji asiyekaa ziwani: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Taa huwavuta dagaa kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa yako haivuti kitu, na mafuta unayoyachoma ni hasara. Kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kama kumi kila mbalamwezi. Wanashona nyavu, wanarudi nyumbani, wengine wanakunywa. Giza likianza wanaingia tena, dagaa wanaanikwa, wanasafirishwa kutoka visiwa vya Ukara, Kome na kwingine kuja Kirumba, na hapo ndipo mchuuzi anaiona hela. Tangu boti iingie majini mpaka fedha ifike mkononi, wiki inaweza kukatika.

Marejesho yetu yote yalikuwa tarehe 5. Kwa nini tarehe 5? Kwa sababu chama kilianzishwa na watu wa mishahara, na mishahara huingia mwisho wa mwezi. Hakuna aliyewahi kuliuliza. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda una 30 au 31, basi mbalamwezi hurudi nyuma kidogo kidogo, na kwa mwaka mzima inakuwa imerudi nyuma siku kama 11. Mwaka uliotangulia mbalamwezi ilikuwa inaangukia karibu na tarehe 12, kwa hiyo tarehe 5 watu walikuwa bado wanauza mzigo wa giza lililopita. Mwaka huo mbalamwezi ikaangukia mwanzoni kabisa mwa mwezi. Tarehe 5 boti ziko juu ya mchanga. Watu walewale, maafisa walewale, nidhamu ileile, na taarifa moja nzuri na nyingine mbaya. Wengi wa wale 38 walikuwa wanalipa wenyewe kati ya tarehe 12 na 18 bila kusukumwa. Tungekamata mashine zao, tungewanyima kifaa kilekile cha kutulipia.

Ninakiri jambo. Meneja alipomaliza kueleza, mimi nilifurahi kupita kiasi, nikaenda nyumbani nikanunua manila, nikachora kalenda ya mbalamwezi ya mwaka mzima kwa kalamu za rangi, giza la buluu, mbalamwezi ya njano, na tarehe mpya ya marejesho ya kila mwezi. Nikaileta ofisini imekunjwa vizuri. Yule binti afisa mikopo akaitazama kwa heshima, akasema, "Shikamoo mwalimu, ni nzuri. Lakini mfumo wetu wa kompyuta unakubali tarehe moja tu kwa mkopo mzima."

Halafu akaendelea kwa sauti ya chini, huku akimwangalia meneja kama anaomba ruhusa. Mikopo ya dagaa mingi ni ya miezi sita. Kwa miezi sita mbalamwezi inarudi nyuma siku tano au sita tu. Kwa hiyo hatuhitaji tarehe inayohama. Mkopaji achague siku anayosaini mkataba, tarehe 5, 15 au 25, ile inayoangukia wiki ya pili ya giza lake, na mpaka anamaliza mkopo atakuwa bado yuko ndani ya giza. Akikopa tena, anachagua upya.

Nikaikunja manila yangu. Hadi leo iko nyumbani, mjukuu ameiandikia hesabu za kuzidisha upande wa pili.

Angalieni kazi ilivyogawanyika hapo, kwa sababu ndiyo niliyokuwa siijui. Mimi niliona namba isiyoeleweka nikauliza. Meneja na watu wake ndio walioijua sababu na dawa. Bodi ikaamua mambo mawili yaliyo mezani kwake: kubadili kifungu cha sera ya mikopo kinachotaja tarehe 5, na kuagiza kwamba kuanzia hapo taarifa ya kila mwezi ionyeshe umri wa madeni kwa mafungu matatu, na salio la kila fungu. Nani aitwe, nani aandikiwe barua, fomu ipangweje, hayo hatukuyagusa. Kwenye muhtasari tuliandika mistari minne. Miezi mitatu baadaye waliochelewa chini ya siku 30 walikuwa 12.

Sasa wale tisa. Nilijua swali hilo linakuja. Hakuna hata mmoja wa dagaa. Majalada yao yalipofunguliwa, matatu yalikuwa na penseli ile pembeni. La nne lilikuwa na penseli inayomtaja mjumbe mwingine. Mdhamini mmoja alikuwa amedhamini watu watatu, kinyume cha sera, na ukurasa wa ukaguzi wa biashara haukujazwa kwa sababu, kama binti alivyotuambia kwa unyoofu, "nilijua imeshaamuliwa juu." Nilitamani ardhi ipasuke. Maafisa hawa wanajua kazi, lakini simu yangu iliwaambia kazi yao haihitajiki kwenye jalada hilo. Na deni lilipolala, hakuna aliyethubutu kumfuata mdaiwa kwa nguvu, maana ni mtu wa mwenyekiti.

Kwa hiyo kwenye kikao nilisoma majalada yangu matatu kwa sauti, pamoja na maneno ya penseli. Nikatoka nje wakati wajumbe wanajadili mikopo hiyo. Uamuzi ulikuwa kwamba meneja awafuate wote tisa kwa utaratibu mmoja: barua, wadhamini waitwe, kisha akiba na dhamana. Jirani yangu wa kanisani alikuja nyumbani usiku. Hakunisalimu. Alilipa mwishowe, kwa kuuza ng'ombe wawili huko kwao Magu, na ilichukua karibu mwaka kabla hajanisogezea kiti tena kwenye ibada.

Watu wakijua kwamba mlango wa nyuma umefungwa, hawaachi kubisha. Mwanzoni nilidhani nitawaambia tu, "Nenda ofisini." Hilo linawaudhi, na linakunyima habari, kwa sababu malalamiko mengine ni ya kweli na meneja hatakuletea malalamiko yanayomhusu yeye. Mama mmoja mchuuzi alinisimamisha sokoni: "Mayu, mmenila elfu kumi na mbili." Zamani ningemchukua hadi kwa keshia. Sasa nilimuuliza umeshamwambia nani pale ofisini, lini, na alikujibu nini. Hakuwa amemwambia mtu. Nikamwambia aende kesho kwa meneja na kitabu chake, na kwamba mimi ninaandika kwenye daftari langu leo, na wiki ijayo nitauliza limeishia wapi. Nikaandika mbele yake, akaona.

Hilo daftari ndilo ninalokwenda nalo kila Jumanne saa nne. Ndiyo siku pekee ninayokwenda ofisini nje ya vikao, nakaa na meneja nusu saa, mlango umefungwa, chai juu ya meza. Nasoma malalamiko niliyopokea, simwambii la kufanya. Ananiambia lililofungwa na lililobaki. Yule mama, ikaonekana, alikatwa ada ya fomu mara mbili, akarudishiwa. Lakini daftari lilinionyesha kitu kikubwa zaidi: ndani ya miezi miwili nilikuwa na malalamiko matano ya makato ya mara mbili. Moja ni kosa la keshia. Matano ni kasoro ya mfumo wa kazi, na hapo mwenyekiti ana haki ya kuuliza kwa sauti: kwa nini linajirudia, na limezibwaje? Meneja naye hutumia Jumanne hiyo kunionya mapema. Mwenyekiti asiyesikia habari mbaya mpaka siku ya kikao amejitakia mwenyewe.

Mtu ataniuliza: na kama meneja ni mwizi? Ninyamaze kwa jina la kutoingilia?

Hapana. Kuna mambo ambayo si ya kila siku hata kama yanatokea kila siku. Kwangu dalili kubwa ni usuluhisho wa benki, ile karatasi inayolinganisha daftari letu la fedha na taarifa ya benki. Inatakiwa ije kila mwezi. Safari moja ilikosekana miezi miwili mfululizo. Mwezi wa kwanza meneja alisema mhasibu anaumwa. Mwezi wa pili alisema iko njiani. Usingizi ukaniruka.

Ningeweza kwenda mwenyewe nikafungua kasha. Mwenyekiti mwenzangu wa chama kimoja cha huku ziwani alifanya hivyo. Aliingia Jumamosi na funguo za akiba, akahesabu fedha peke yake, akakuta pungufu. Keshia akasema fedha zilikuwepo mpaka mwenyekiti alipoingia. Kesi ikafia hapo, na mpaka leo wanachama wamegawanyika. Sisi tulikaa bodi, tukaandika azimio, tukaiomba kamati ya usimamizi, ambayo huchaguliwa na mkutano mkuu na si mali ya bodi wala ya meneja, ifanye hesabu ya kushtukiza. Waliingia wajumbe wawili saa tatu asubuhi kabla ya dirisha kufunguliwa, keshia akahesabu mwenyewe mbele yao, noti kwa noti, wote wakasaini. Mimi nilikuwa nyumbani naanika dagaa.

Kasha lilikuwa na upungufu wa shilingi 430,000. Badala yake kulikuwa na vikaratasi vinne vimebanwa kwa pini. "Nimechukua laki moja, nitarudisha Ijumaa." Na saini. Hakuna hata kimoja cha meneja wala cha mhasibu. Vyote vinne vilikuwa vya wajumbe wa bodi, na kimoja kilikuwa na miezi mitano. Mhasibu alikuwa amekwama kufunga hesabu kwa sababu hakujua aviandike wapi, na meneja hakujua amwambieje mwenyekiti kwamba wanaomdai maelezo ndio wanaodaiwa.

Nilipoulizwa kwenye kikao cha dharura kama nilijua, nilisema sikujua, na ilikuwa kweli. Lakini keshia alipoulizwa kwa nini alitoa, alijibu kwa sentensi moja: "Mwenyekiti mwenyewe huwa anapiga simu, nikadhani wajumbe wote wanaruhusiwa." Fedha zilirudishwa ndani ya siku saba, wajumbe wawili wakaandika barua za kujiuzulu, na jambo likapelekwa mkutano mkuu kama lilivyo, na majina. Tukaongeza mstari mmoja kwenye kanuni za fedha: keshia anapokea maelekezo ya kutoa fedha kwa meneja peke yake, kwa maandishi, na mjumbe wa bodi akimwendea moja kwa moja, aandike jina lake kwenye daftari la kamati ya usimamizi.

Namba ya simu ya yule binti afisa mikopo niliifuta kwenye simu yangu wiki hiyo. Juzi alinipigia yeye, nikashtuka, nikafikiri kuna msiba. Alitaka kujua kama lile jukwaa la kuanikia dagaa ninalolikodisha bado lina nafasi, mama yake amepata mzigo kutoka Ukara. Nikamwambia nafasi ipo, bei ni ileile ya watu wote.